Dakika 15, nusu saa au saa nzima: mlango wa chumba cha mtihani ufungwe lini?

Kwenye mtihani wa taifa hakuna cha kuchagua. Maelekezo ya Baraza la Mitihani kwa watahiniwa yanasema wazi kwamba anayechelewa zaidi ya nusu saa baada ya mtihani kuanza haruhusiwi kuingia, awe anafanyia shule ya bweni katikati ya Tabora mjini au shule ya kata kule Uyui. Msimamizi hana la kuongeza wala la kupunguza.

Lakini mitihani mingi anayoifanya mwanafunzi kabla ya siku hiyo ni ya shule yenyewe: jaribio la wiki, mtihani wa muhula, moko ya ndani, mtihani wa kufunga mwaka. Vituo vya jioni vinavyofundisha watahiniwa wa kujitegemea navyo vina mitihani yake. Huko uongozi ndio unaoamua mlango ufungwe lini, na mara nyingi uamuzi huo haujaandikwa popote. Ndiyo maana chumba kimoja mwanafunzi aliyechelewa dakika 20 anaingizwa, na chumba cha pili mwenzake wa dakika 10 anarudishwa nyumbani, kwa kuwa tu wasimamizi ni wawili tofauti. Hilo linaniuma kuliko ukali wenyewe wa kanuni. Kanuni kali inayojulikana mapema mwanafunzi anaweza kujipanga nayo. Ambayo haijulikani hawezi.

Kwa mwalimu wa taaluma au mkuu wa kituo anayetaka kuandika kanuni hiyo, njia zinazotumika duniani ni tatu. Ya kwanza ni kufunga mlango mapema, kabla ya kuanza au dakika chache baada ya kuanza. Ya pili ni nusu saa. Ya tatu ni saa nzima, huku taarifa ya aliyechelewa ikipelekwa kwa mwenye mtihani. Kwa karatasi ya saa mbili na kuendelea mimi nachagua nusu saa, ila kwa sharti moja ambalo shule nyingi hulisahau.

Mlango unamlinda nani?

Wengi wakiulizwa kwa nini mchelewaji anazuiwa, watajibu kwamba ni kumfundisha nidhamu, au kwamba atawasumbua walioketi. Yote mawili ni kweli, lakini hayo hayatoshi kueleza kwa nini mpaka uwe dakika 30 na si 20 au 50. Mpaka unatokana na mtu mwingine kabisa, naye ni yule wa kwanza kutoka.

Mtahiniwa akishatoka chumbani, maswali yametoka naye, hata kama karatasi ameiacha mezani. Amesoma, anakumbuka kwamba swali la mwisho ni la mfereji wa Suez au la kutafuta eneo la duara. Kuanzia dakika hiyo, yeyote aliye nje anaweza kuwa ameshayajua maswali. Akiingia baada ya hapo, wasimamizi hawana namna ya kuthibitisha kwamba hakukutana na yule aliyetoka, getini au chini ya mwembe. Enzi hizi hata kukutana si lazima, ujumbe mmoja wa simu unatosha.

Kwa hiyo muda wa mwisho wa kuingia hauwezi kupita muda wa kwanza wa kutoka. Ukiruhusu watu kuingia hadi nusu saa, basi hakuna ruhusa ya mtu kutoka kabla ya nusu saa kuisha, hata aliyemaliza, hata aliyekata tamaa akaweka kalamu chini dakika ya kumi. Ndiyo sababu kanuni za vyuo vikuu vingi huweka mambo haya mawili pamoja: hakuna kuingia baada ya dakika 30, hakuna kutoka kabla ya dakika 30. Hilo ndilo sharti ninalolisema. Shule nyingi zimechukua nusu ya kwanza ya kanuni kutoka kwenye mtihani wa taifa na kuiacha nusu ya pili. Utakuta mchelewaji anazuiwa dakika ya 31 kwa ukali mkubwa, wakati mwenzake aliyemaliza haraka aliachiwa aende zake dakika ya 20, na katikati hapo wawili wameingia.

Kuna njia rahisi ya kujua kama shule yako ina tatizo hili. Chukua fomu za mahudhurio za mtihani uliopita, kisha tafuta saa ya mtu wa mwisho kuingia na saa ya mtu wa kwanza kutoka. Kama wa kwanza kutoka alitangulia, mtihani huo ulikuwa na tundu, iwe kuna aliyelitumia au hakuna. Na kama fomu hazina kabisa nafasi ya kuandika saa hizo, kazi ya kwanza ni kuichora safu hiyo.

Anayekwenda msalani hahesabiwi kuwa ametoka, mradi anasindikizwa na msimamizi na kurudishwa. Akienda peke yake, ametoka.

Njia tatu zikiwekwa pamoja

China, kwenye mtihani wao wa kuingia chuo kikuu unaofanywa kila Juni, mchelewaji anazuiwa dakika 15 baada ya kuanza. Kwa somo la lugha ya kigeni lenye sehemu ya kusikiliza, wanafunga mlango dakika 15 kabla ya kuanza. India wamekwenda mbali zaidi: mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vya udaktari huanza saa 8:00 mchana, na geti hufungwa saa 7:30. Watahiniwa wa mitihani hiyo ni mamilioni, karatasi ni moja nchi nzima, na kuna upekuzi wa mwili mlangoni. Wakiruhusu watu kuingia kidogo kidogo, upekuzi hautakamilika.

Uingereza ndiyo upande wa pili. Mitihani ya shule za huko yenye kuanza saa 3:00 asubuhi humwona mtahiniwa kuwa amechelewa sana akifika baada ya saa 4:00. Ya mchana inayoanza saa 7:30, mpaka ni saa 8:30. Kabla ya hapo shule inaweza kumwingiza na hata kumpa muda wake wote, kwa hiari ya shule. Kinachowezesha ulegevu huo ni kwamba kwa karatasi ya saa moja au zaidi, hakuna mtahiniwa anayeachiwa kutoka chini ya uangalizi kabla ya saa hiyo hiyo ya 4:00. Sharti ni lile lile la mwanzo, ila limevutwa hadi dakika 60. Na aliyefika baada ya saa 4:00 bado anaweza kuketishwa, lakini shule inatuma taarifa kwa bodi yenye mtihani, na bodi ndiyo inayoamua kama kazi yake itasahihishwa. Mtahiniwa anaambiwa mapema kwamba huenda isikubaliwe.

| | Kufunga mapema | Nusu saa | Saa nzima na taarifa |
|---|---|---|---|
| Mwisho wa kuingia | kabla ya kuanza, au dakika 15 baada | dakika 30 baada ya kuanza | dakika 60, na baada ya hapo kwa taarifa |
| Wa kwanza kutoka | si kabla ya mlango kufungwa | dakika 30 | dakika 60 |
| Shule inahitaji | karatasi ya pili kwa waliozuiwa | saa moja ya ukutani na fomu yenye safu ya muda | chumba cha kuwashikilia waliomaliza, na mtu wa kuamua |
| Inafaa zaidi | jaribio fupi, sehemu ya kusikiliza | karatasi ya saa 2 hadi 3 | mtihani usiorudiwa, wenye bodi juu yake |

Kwenye jedwali hili, mstari wa kuangaliwa kwa makini ni wa tatu. Kufunga mapema kunaonekana ni njia rahisi kwa shule, kumbe ndiyo yenye gharama ikiwa unataka kutenda haki. Ukimzuia mwanafunzi aliyechelewa dakika 16 kwenye mtihani wa kufunga mwaka, lazima uwe na jibu la swali linalofuata: huyu atapata wapi alama za somo hili? Kama jibu ni mtihani maalumu wiki ijayo, mwalimu wa somo lazima atunge karatasi ya pili yenye uzito sawa na ya kwanza, iandikwe, itolewe nakala, isimamiwe na isahihishwe. Kuwapa karatasi ile ile hakufai, maana darasa zima limeshaijua. Kama jibu ni sifuri, basi umemwadhibu mtu kwa tope la barabarani kana kwamba hajui somo.

Ninaposema tope sitanii. Moko za Julai na Agosti huku Tabora huangukia kiangazi, na anayechelewa siku hizo mara nyingi amechelewa kulala au kuamka. Mtihani wa kufunga mwaka huangukia Novemba, mvua zikiwa zimeanza. Anayetoka Ipuli au Isevya kwa miguu na anayetoka nje ya mji kwa bodaboda hawana asubuhi moja. Shule ya bweni, ambayo mwanafunzi anatoka bwenini hadi darasani kwa kuvuka uwanja, inaweza kufunga mlango dakika 15 bila kumwonea mtu. Shule ya kutwa haiwezi kuinakili kanuni hiyo ikategemea matokeo yale yale.

Mchelewaji mmoja, kanuni tatu

Tuchukue kituo cha jioni chenye watahiniwa watu wazima, ambacho mitihani yake ya mwisho wa mwaka hufanyika asubuhi ya Jumamosi. Karatasi ni ya saa tatu, alama 100. Ratiba inasema saa 2:00. Mvua imenyesha usiku kucha.

Msimamizi anaingia na bahasha, anawaonyesha watahiniwa kwamba haijafunguliwa, anaikata mbele yao. Kugawa karatasi na kusoma maelekezo kunachukua muda, na anatamka "anzeni" saa 2:06. Anaandika ubaoni: kuanza 2:06, kumaliza 5:06. Saa inayotumika ni ya ukutani, si ya simu ya mtu yeyote.

Saa 2:31 mama mmoja anafika mlangoni, viatu mkononi, tope hadi magotini.

"Shikamoo mwalimu. Pikipiki imetuangusha pale mtaroni."

"Marahaba, mama. Pole. Umeumia?"

"Kidogo tu mkononi, wa kushoto."

"Basi simama hapa nje kwanza, uvute pumzi. Kitambulisho na namba yako."

Amechelewa dakika ngapi? Ukihesabu kutoka kwenye ratiba ni 31, na kwa kanuni ya nusu saa amekwisha. Ukihesabu kutoka pale mtihani ulipoanza kweli ni 25, naye anaingia. Maelekezo ya mtihani wetu wa taifa yanahesabu baada ya mtihani kuanza. Waingereza wanahesabu kutoka kwenye saa iliyotangazwa na bodi, hata kama shule ilichelewa kuanza. Kila mmoja ana sababu yake. Karatasi moja ikifanywa kwenye vituo vingi, saa iliyotangazwa inazuia kituo kilichochelewa kuanza kisiwe mlango wa nyuma kwa waliosikia maswali kutoka kituo kingine. Shule inayojifanyia mtihani wake peke yake haina hatari hiyo. Kwake kuhesabu kutoka "anzeni" kuna haki zaidi, maana zile dakika sita hata waliowahi hawakuwa wanaandika. Vyovyote utakavyochagua, kiandike, kwa sababu ugomvi wa mlangoni karibu kila mara unahusu dakika hizo sita.

Kwa kanuni ya nusu saa, basi, mpaka wa chumba hiki ni 2:36. Msimamizi anamalizia kila kitu nje ya mlango: anakagua namba, anachukua simu na mkoba, anamwambia kwa sauti ya chini kwamba atamaliza na wenzake saa 5:06. Anamuuliza kama amezungumza na mtu yeyote kuhusu karatasi hii. Kisha anaangalia fomu: kuna aliyekwishatoka? Hakuna. Anamwonyesha kiti chenye namba yake, anampa kijitabu cha majibu na karatasi ya maswali, anaandika kwenye safu ya muda 2:31 na mama anaweka sahihi. Kinachoandikwa ni saa aliyofika mlangoni, si saa aliyoketi, la sivyo msimamizi mwenye kukagua polepole atamvusha mtu mpaka kwa mikono yake mwenyewe.

Ameketi 2:34, kabakiwa na dakika 152 kati ya 180. Mwenzake aliyewahi ana karibu dakika moja na sekunde 48 kwa kila alama. Yeye ana kama dakika moja na nusu, maana 152 ukigawa kwa 100 ni 1.52. Ni hasara, lakini karatasi bado inafanyika. Mtu anayejua somo atakosa muda wa kupitia majibu yake, hatakosa swali zima.

Sasa badilisha jambo moja tu. Kijana aliyeketi dirishani alinyanyuka saa 2:25, akakabidhi kijitabu kitupu, akaondoka. Kama kituo hakikuweka sharti la kutotoka, mama amefika dakika sita baada ya maswali kutoka nje, na msimamizi amebaki na mambo mawili mabaya ya kuchagua: kumzuia mtu aliyewahi ndani ya muda ulioandikwa, au kumwingiza na kuuacha mtihani na doa. Kosa si la mama wala la kijana, ni kanuni iliyoandikwa nusu.

Kwa kanuni ya kufunga mapema, dakika 15, mlango umefungwa 2:21. Mama anaandikwa hayupo, anapewa karatasi yenye tarehe ya mtihani maalumu, anarudi nyumbani. Hakuna utata na hakuna aliyesumbuliwa, ila kituo sasa kina karatasi ya kutunga. Vituo vya jioni vingi walimu wake wanafundisha kwa masaa baada ya kazi nyingine. Karatasi hiyo ya pili ama itacheleweshwa hadi matokeo ya wote yasubiri, ama itatungwa harakaharaka iwe nyepesi, na wale waliowahi wataona waliochelewa wamependelewa.

Kwa kanuni ya saa moja, mama anaingia bila wasiwasi, mpaka ukiwa 3:06. Yule kijana wa 2:25 asingetoka. Angebaki amekaa hadi 3:06. Halafu saa 3:10 anafika mwingine, aliyelala kwa ndugu Urambo akategemea usafiri wa alfajiri. Mtindo wa Uingereza ungemketisha na kupeleka taarifa: alifika saa ngapi, alianza saa ngapi, alikuwa wapi, nani alikuwa naye tangu mtihani ulipoanza. Halafu bodi iamue. Kituo chetu bodi hiyo hakina. Anayepokea taarifa ni mkuu wa kituo yule yule anayemfahamu mtahiniwa, anayejua kama ada yake imelipwa, na ambaye pengine ni jirani yake. Hapo ndipo njia ya tatu inaponishinda kuipendekeza kwa mitihani ya ndani. Nguvu yake yote iko kwa mwamuzi wa mbali, na huku mwamuzi huyo hayupo.

Afidiwe muda?

Hili huamuliwa kwa huruma, na huruma inakwenda kwa anayelia zaidi. Ninaloshauri ni kwamba aliyechelewa peke yake asiongezewe hata dakika moja, hata kama sababu yake ni ya kweli. Kumwongezea mama dakika 25 maana yake msimamizi abaki hadi 5:31, chumba kikiwa kinamwagika watu, maswali yakijadiliwa kwa sauti barazani na yeye bado anaandika. Hataandika kwa utulivu, na majibu atayasikia dirishani. Waingereza wanaweza kutoa muda kamili kwa kuwa wana vyumba na watu wa kumlinda. Ukiwa navyo, toa, lakini toa kwa kila atakayechelewa ndani ya mpaka, usimchunguze nani anastahili.

Wakichelewa wengi kwa sababu moja, ushauri wangu ni mwingine. Gari linaloleta wanafunzi 20 likikwama, hilo si la mtu mmoja mmoja. Kwa mtihani wa ndani, sogeza saa ya kuanza kwa wote, na uamue kabla ya bahasha kukatwa. Bahasha ikishakatwa nafasi hiyo imepita, kwa kuwa waliomo chumbani wameshaanza kuhesabiwa muda. Kwa hiyo saa 1:50 msimamizi ahesabu vichwa. Kama robo ya chumba haipo, ampigie mwalimu wa taaluma wakati bahasha bado iko kwapani. Kwenye mtihani wa taifa usijaribu jambo hili. Ratiba ile ni ya nchi nzima, na mkuu wa kituo hana mamlaka ya kuisogeza.

Karatasi fupi, na vitendo

Nusu saa si namba ya kubandika kila mahali. Kwenye karatasi ya saa tatu ni sehemu moja ya sita. Kwenye ya saa moja ni nusu nzima, na kwenye jaribio la dakika 40 anayeingia dakika ya 30 ana dakika kumi za kuandika jina na kuhangaika. Kwa karatasi ya saa moja mpaka wa dakika 10 unatosha, na kwa jaribio la wiki funga mlango pale unapoanza kugawa karatasi. Jaribio la wiki linarudiwa wiki ijayo, hakuna mwaka wa mtu unaopotea hapo. Kuhusu kutoka, karatasi fupi ni rahisi kuliko zote: asitoke mtu hadi mwisho. Sehemu ya kusikiliza haina mpaka wa baada ya kuanza. Kinasa sauti kikishaanza, mlango umefungwa hadi kisimame.

Vitendo vya sayansi vina jambo lake. Shule nyingi maabara haitoshi watu wote, hivyo wanaingia kwa mikupuo, na wa mkupuo wa pili wanashikiliwa kwenye chumba cha pembeni wasikutane na wa kwanza. Aliyechelewa mkupuo wa kwanza anaweza kuhamishiwa wa pili bila kupoteza chochote, mradi amefika kabla mtu yeyote wa kwanza hajatoka maabara na akapelekwa moja kwa moja kwenye chumba hicho. Akikaa getini kusubiri, nafasi hiyo imekufa.

Aliyezuiwa anapata nini

Kwenye mtihani wa taifa, aliyezuiwa mlangoni anahesabika hakuufanya mtihani wa somo hilo, na hakuna karatasi ya pili mwaka huo. Masomo yaliyobaki kwenye ratiba anaendelea nayo kama kawaida, na hili lisemwe kwa sauti, kwa sababu wapo wanaozuiwa siku ya kwanza wakadhani yamekwisha na wasirudi siku ya pili. Ugonjwa ni jambo tofauti. Baraza hutoa fursa kwa waliougua na kushindwa kufanya masomo yote au mengi kuyafanya mwaka unaofuata, na kila mwaka matokeo yakitangazwa hutajwa. Kuchelewa kwa pikipiki hakuingii humo. Mtahiniwa wa kujitegemea anayetoka Kaliua au Urambo na kituo chake kiko Tabora mjini, namsihi alale mjini usiku wa kuamkia mtihani, hata kwa kubanana kwa shangazi. Treni na basi vyote huchelewa, na nusu saa haivihesabu.

Kwa mitihani ya ndani, amua adhabu kabla ya mpaka. Shule yenye uwezo wa kutunga karatasi ya pili kwa kila somo inaweza kufunga mapema bila kumuumiza mtu. Shule isiyo na uwezo huo ichukue nusu saa, kwa kuwa kila anayezuiwa pale anapoteza somo zima.

Kanuni yenyewe haizidi sentensi chache, nami ningeiandika hivi kwa shule ya kutwa au kituo cha jioni: "Kwa karatasi ya saa mbili au zaidi, mtahiniwa ataruhusiwa kuingia hadi dakika 30 baada ya msimamizi kutamka kuanza, kwa saa iliyoko ukutani. Hakuna atakayetoka kabla ya dakika 30 hizo kuisha, isipokuwa kwa kusindikizwa. Atakayechelewa atamaliza pamoja na wenzake. Saa aliyofika itaandikwa na ataweka sahihi. Karatasi ya maswali haitatoka chumbani kabla ya mtihani kuisha." Isomwe mstarini wiki moja kabla, ibandikwe mlangoni mwa kila chumba, na msimamizi asipewe ruhusa ya kuipinda, hata akipigiwa simu na mkuu wa shule. Mwenye hoja ya kuomba ubaguzi aipeleke kwenye kikao cha taaluma baada ya mtihani, fomu ya mahudhurio ikiwa mezani.